Kutoka kwenye muhtasari hadi andalio la somo: kitenzi kinapatikanaje?

Maandalio mengi ya somo ninayopitia huwa na sentensi ya namna hii: “Hadi mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kuelewa kujumlisha sehemu.” Mwalimu ameichukua karibu neno kwa neno kutoka kwenye muhtasari wa taifa, akaweka tarehe na idadi ya wanafunzi, akaingia darasani. Muhtasari una haki ya kuzungumza kwa upana huo, kwa sababu unaeleza kile mwanafunzi atakachokuwa nacho baada ya wiki kadhaa. Lengo la kipindi cha dakika 40 halina haki hiyo. Kengele ikilia, mwalimu anatakiwa aweze kuonyesha daftari na kusema nani amefika na nani hajafika, na kuelewa hakuonekani kwenye daftari.

Dawa ambayo walimu wengi wamefundishwa ni orodha ya vitenzi: taja, eleza, linganisha, kokotoa, chambua. Orodha hizo zimetokana na mpangilio wa ngazi za kufikiri uliotolewa na Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956, ukaja kurekebishwa mwaka 2001. Zinasaidia, lakini mimi sianzi nazo. Anayeanza na orodha huchagua kitenzi kinachosikika vizuri, kisha hutafuta swali la kukibeba. Mimi naanza na swali la mwisho kabisa ambalo mwanafunzi atalijibu mada ikiisha, halafu narudi nyuma.

Tuchukue matokeo haya ya kujifunza: “Mwanafunzi aweze kutumia maarifa ya sehemu kutatua matatizo ya kujumlisha.” Tuseme azimio la kazi limeyapa vipindi vitano. Kabla ya kuandika lengo lolote naandika fumbo hili: Tangi lilijazwa maji 1/3 asubuhi na 2/5 jioni. Je, ni sehemu gani ya tangi imejaa? Kisha nalifanya mwenyewe kwenye karatasi, polepole, nikiandika kila ninachokifanya. Nimesoma na kuamua kwamba ni kujumlisha. Nimetafuta asili moja, 15. Nimeandika upya 5/15 na 6/15. Nimejumlisha viasi na kuiacha asili ilivyo, nikapata 11/15. Mwisho nimejiuliza kama jibu lina mantiki: ni kubwa kuliko kila sehemu niliyoanza nayo, na halizidi tangi zima.

Vitenzi vyangu ni hivyo. Sikuvitafuta popote, vimetoka kwenye kazi yenyewe: kuchagua, kuandika upya, kukokotoa, kutetea jibu. Kila kimoja kinaacha alama kwenye karatasi, na walimu wawili wakiitazama alama hiyo watakubaliana kama ni sahihi.

Sasa kipindi kimoja kwa ukaribu. Kipindi cha pili nakiandikia hivi: “Akipewa jozi tano za sehemu zenye asili tofauti zisizozidi 12, mwanafunzi aweze kuandika upya kila jozi ikiwa na asili moja, na kupata angalau jozi nne.” Lengo lina mambo matatu ambayo Robert Mager aliyasisitiza tangu mwaka 1962: kitendo, mazingira ya kukitenda, na kiwango cha kukubalika. Kitendo ni kuandika upya. Mazingira ni jozi tano na mpaka wa 12. Kiwango ni nne.

Kiwango hicho kinaweza kudanganya. Ukichagua jozi kama 1/2 na 1/4, au 1/3 na 1/6, asili moja ni kigawe cha nyingine, na mwanafunzi atapata zote kwa kuinakili tu ile kubwa. Nne kati ya tano hapo hazikuambii kitu. Kwa hiyo nachanganya: jozi moja ya namna hiyo, mbili kama 2/3 na 1/4 ambazo asili zake hazishiriki kigawo zaidi ya 1, na mbili kama 5/6 na 3/8 ambazo asili zake zinashiriki 2. Hii ya mwisho ndiyo yenye maneno. Mwanafunzi anayezidisha 6 kwa 8 ataandika 40/48 na 18/48. Anayetafuta kigawe kidogo cha shirika ataandika 20/24 na 9/24. Nani amefikia lengo? Lengo limesema “asili moja”, basi wote wawili. Lingesema “asili ndogo kabisa ya pamoja”, ni wa pili peke yake. Uamuzi huo ufanywe wakati wa kuandika, maana ukiachwa hadi wakati wa kusahihisha, daftari la kwanza litahukumiwa tofauti na la thelathini. Mimi katika kipindi hiki naiacha 48 ipite, kwa kuwa fumbo la mwisho haliidai njia fupi.

Kipindi cha tatu ni kukokotoa jumla, sina mengi ya kusema hapo. Cha nne nakipenda zaidi. Kosa kubwa la mada hii linajulikana: 1/2 + 1/3 = 2/5, yaani kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Mwalimu akiandika lengo la “kufahamu makosa ya kujumlisha sehemu”, wanafunzi wataitikia kwa pamoja kwamba wamefahamu. Naandika: “Mwanafunzi aweze kuonyesha kwa mchoro au sentensi mbili kwamba 2/5 haiwezi kuwa jumla ya 1/2 na 1/3.” Anayejua atasema kwamba 2/5 ni ndogo kuliko nusu, na haiwezekani kuongeza kitu kwenye nusu ukapata chini ya nusu. Anayekariri hatua ataandika tu “hakutafuta asili moja”, nami hapo nawaona wawili hao wametengana.

Angalia kwamba nimeandika mchoro au sentensi, si maelezo ya mdomo. Darasa la wanafunzi 60, kila mmoja akizungumza nusu dakika, linakula dakika 30. Kitenzi kinaweza kuwa kizuri kabisa na bado kisionekane, kwa sababu tu mwalimu hana nafasi ya kukitazama.

Kuna vitenzi viwili ninavyovikata mara kwa mara. “Kujadili” ni shughuli ya darasani: wanafunzi wanaweza kujadili kipindi kizima na kutoka na 2/5 ile ile. Mahali pake ni kwenye safu ya shughuli za ujifunzaji. “Kutambua” kunahitaji kuulizwa: kwa kufanya nini? Kwa kuzungushia duara, kwa kupanga makundi, kwa kutaja? Jibu lolote utakalotoa, hilo ndilo kitenzi chako.

Mwisho naweka malengo yote matano kando ya matokeo ya muhtasari na kuyasoma kwa pamoja. Muhtasari ulisema kutatua matatizo. Kama malengo yangu yote yangeishia kwenye kukokotoa, kila siku ingepimika na mada bado isingefikiwa. Ndiyo maana kipindi cha tano kinabaki na mafumbo matatu, na mojawapo si la kujumlisha, ili mwanafunzi alazimike kuchagua tendo. Matokeo yanayohusu mwelekeo, kama kuthamini usahihi, siyalazimishi kwenye kipindi kimoja. Nayaangalia kwa wiki kadhaa, kwa mfano kwa kuona ni nani anayehakiki jibu lake bila kuambiwa.

Kwenye sehemu ya tathmini ya andalio, badala ya “somo limeeleweka”, andika: “Wanafunzi 41 kati ya 60 wamepata jozi nne au zaidi, wengi wa waliobaki wamekwama kwenye 5/6 na 3/8.” Dakika kumi za kwanza za kipindi cha tatu zianzie kwenye jozi hiyo.