Plasta ikiwa mbovu, unazuia kiasi gani?

Mwenye nyumba anasema: "Fundi akiharibu kazi, simlipi hata shilingi moja mpaka arekebishe yote."

Lakini sehemu iliyofanywa vizuri bado ina malipo yake. Kama mkataba hausemi vingine, kilicho salama kuzuia ni gharama ya kurekebisha kasoro. Kwa hiyo anza kwa kusoma kifungu cha malipo.

Tuseme ni nyumba ya Jinja, plasta ya mita 100 za mraba kwa shilingi 2,000,000. Gonga ukuta kwa sarafu. Mita 15 zinalia kama debe tupu: plasta haikushika, mara nyingi kwa sababu tofali hazikuloweshwa. Fundi mwingine anakadiria 450,000 kubandua na kupiga upya. Zuia hizo, ulipe 1,550,000.

Kisha mwandikie fundi wako barua, hata kama mnaelewana vizuri. Taja chumba, ukuta, ukubwa wa eneo, kasoro yenyewe, kiasi ulichozuia na siku ya mwisho ya kurekebisha. Kwa kazi hii siku 14 zinatosha, maana plasta mpya humwagiliwa maji kwa siku kadhaa. Ambatisha picha zenye futi kamba ukutani, naye asaini nakala yako.

Kosa kubwa ni kuleta fundi mwingine aanze kazi kabla ya muda kwisha: unamnyima wa kwanza nafasi, na ushahidi unabomolewa. Muda ukipita bure, mlete huyo mwingine, kata gharama halisi, ulipe kinachobaki. Mkigombana, nchini Uganda madai yasiyozidi shilingi 10,000,000 husikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo, bila wakili.