Kikapu Kimejaa, Mteja Hayupo

"Nauza viatu mtandaoni. Watu wanaweka bidhaa kikapuni, wanafika hadi kwenye malipo, halafu wanapotea. Niwakumbushe baada ya muda gani, niwaambie nini, na niache lini?"

Kabla ya kutazama saa, tafuta mteja alikwama wapi. Taasisi ya Baymard, ambayo hukusanya tafiti za ununuzi wa mtandaoni, inaonyesha kwamba kwa wastani vikapu 7 hivi kati ya 10 haviishii kwenye malipo. Sehemu kubwa ya watu hao walikuwa wanapitisha macho tu, na hao hawana cha kukumbushwa. Anayekuhusu ni yule aliyekwisha kuacha namba ya simu au barua pepe na kufika kwenye ukurasa wa kulipa.

Tuchukue duka la Nairobi linalouza sandali za ngozi. Alhamisi saa 3:40 usiku, mteja wa Kisumu anachagua sandali nyeusi saizi 39 kwa shilingi 2,400. Usafirishaji ni shilingi 350, na bei hiyo anaiona mwishoni kabisa. Anabonyeza kulipa kwa M-Pesa, ombi la namba ya siri linatokea kwenye simu yake, kisha kimya.

Kama duka lako limeunganishwa na Daraja, mfumo wa Safaricom wa kupokea malipo, kimya hicho kina namba. `1` ni salio halitoshi. `1037` ni simu haikupatikana au haikujibu. `1032` ni ombi lililoghairiwa, na hiyo huchanganya wauzaji wengi: wakati mwingine mteja amekataa kweli, wakati mwingine ameliacha tu ombi hadi muda wake ukaisha, pengine mtoto alikuwa analia. Muulize aliyekutengenezea tovuti akuonyeshe namba hizo zinahifadhiwa wapi. Mara nyingi zipo, ila hakuna anayezisoma.

Aliyepata `1037` hahitaji kubembelezwa. Alitaka kulipa, mtandao ukamwangusha. Huyo mwandikie ndani ya dakika 15, mradi si usiku wa manane. Aliyeghairi mpe kama saa nzima. Ukimwandikia baada ya dakika tano unaweza kumkuta bado yuko njiani kwa wakala kuweka pesa, au anamuuliza mwenzake nyumbani kama rangi inafaa, naye atahisi kuna mtu anamchungulia begani. Ukingoja siku mbili, huenda ameshanunua kwingine. Mwenye salio pungufu ni jambo jingine: ikiwa ni tarehe 24, ujumbe mmoja baada ya mshahara kuingia unafaa kuliko mitatu ya kumfuata wiki nzima. Tena usithubutu kumtajia salio. Hakuna anayependa kuambiwa na muuza viatu kwamba hana pesa.

Mteja wetu wa Kisumu alipata `1032` saa 3:40 usiku. Saa moja baadaye ni karibu saa tano, watu wanalala. Ujumbe usogezwe hadi Ijumaa saa 3 asubuhi:

"Habari za asubuhi. Ni sisi wa duka la sandali. Malipo yako ya jana usiku hayakukamilika, na hakuna pesa iliyotufikia kutoka kwako. Sandali nyeusi saizi 39 bado ipo. Ukitaka kuendelea, bonyeza hapa. Kama kuna kilichokukwamisha, nijibu kwenye namba hii hii."

Sentensi ya tatu ndiyo inayobeba kazi. Aliyeona malipo yakikatika hujiuliza kwanza kama pesa zimekwenda, wala hatathubutu kulipa tena kabla hajajua. Lakini usiiandike kabla ya kukagua taarifa yako ya M-Pesa. Kuna wanaoona mfumo umegoma, wakalipa moja kwa moja kwenye Till ya duka, na tovuti ikaendelea kuwahesabu kama waliotoroka. Kumkumbusha mtu aliyekwisha kulipa kunakera kuliko kutomkumbusha kabisa. Kiungo nacho kimfikishe kwenye kikapu chake kilekile, saizi na rangi zikiwa palepale. Ukimrudisha ukurasa wa mbele aanze upya, umempa sababu ya pili ya kuondoka.

Ujumbe wa pili uje Jumamosi, usirudie wa kwanza. Ujibu swali ambalo huenda halikuulizwa: "Mzigo wa Kisumu ni shilingi 350. Saizi ikikataa, tunakubadilishia ndani ya siku 7." Taja tu ahadi ambazo duka lako linazitimiza kweli. Gharama za ziada zinazojitokeza mwishoni ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kuacha vikapu, kwa hiyo ukiona wengi wanakwama hapo, dawa ni kuionyesha bei ya usafirishaji mapema kwenye ukurasa wa bidhaa. Hakuna ukumbusho utakaotibu hilo.

Punguzo mimi ningelichelewesha, au nisilitoe kabisa. Wateja hujifunza haraka. Ukizoea kutuma asilimia 10 kwa kila anayeacha kikapu, utaanza kuwaona walewale wakijaza kikapu, wakiondoka, na kurudi na msimbo mkononi. Linganisha namba za simu za wanaotumia punguzo hilo. Zikijirudia, unawalipa watu waondoke. "Zimebaki mbili tu" nayo iandike pale tu zinapokuwa zimebaki mbili.

Ujumbe wa tatu, ukiutuma, uwe Jumanne na useme wazi kwamba ndio wa mwisho. Kwa kiatu cha bei hii hata miwili inatosha. Kitu cha gharama kubwa, kama friji, mtu hukifikiria kwa muda mrefu, hivyo nafasi kati ya ujumbe na ujumbe inaweza kupanuka, lakini idadi isiongezeke.

Kabla ya siku hizo kuna mambo yanayopaswa kuukata mfululizo papo hapo: amelipa kwa njia yoyote, amejibu chochote, bidhaa imeisha, au ameomba asitumiwe tena. Akijibu, mashine inyamaze na mtu aingie. Kwenye mfumo wa WhatsApp wa biashara una saa 24 tangu mteja alipokuandikia kumjibu kwa maneno yako mwenyewe. Nje ya hapo unatumia kiolezo, yaani ujumbe ulioandaliwa mapema na kuidhinishwa na WhatsApp, na ukumbusho wa kikapu huhesabiwa kama tangazo. Wakikuzuia au kukuripoti wengi, alama ya ubora wa namba yako hushuka. Ridhaa nayo iombwe mapema, kwa kisanduku ambacho mteja anakitia alama mwenyewe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na namba iliyotolewa kwa ajili ya kupokea mzigo si ruhusa ya matangazo.

Kujua kama haya yote yanaleta kitu, usihesabu tu walionunua baada ya ujumbe. Wengine wangerudi wenyewe. Kila vikapu vitano, kimoja kiache bila ukumbusho. Tuseme kati ya vikapu 400 vilivyokumbushwa 60 vimelipwa, na kati ya 100 vilivyoachwa vimelipwa 10. Ni asilimia 15 dhidi ya 10. Katika mauzo yale 60, yapata 40 yangekuja hata ungekaa kimya. Ujumbe wako umeleta kama 20. Fanya hesabu hiyohiyo kwa ujumbe wa tatu peke yake, na ukiona pande mbili zinalingana, ufute.