Sabuni haichori duara

Leo kabla ya saa nne asubuhi wagonjwa watatu, mmoja baada ya mwingine, wameanza na maneno yaleyale: "Dokta, nina aleji, nilibadilisha sabuni." Wawili walikuwa na fangasi. Wa tatu alikuwa na mzio kweli, ila si wa sabuni, na huyo nitamrudia. Kila mmoja alikuwa na tyubu ya krimu mfukoni au kwenye pochi, na zote tatu zilikuwa za aina moja. Ndiyo maana naandika.

Wa kwanza ni dereva wa bodaboda. Wiki saba zilizopita aliota kidoa cha ukubwa wa sarafu kiunoni, pale mkanda unapobana na jasho linapotuama. Siku chache kabla alikuwa amenunua sabuni mpya, na Jumapili yake alikula pweza, kwa hiyo watuhumiwa wakapatikana papo hapo. Duka la dawa wakampa krimu ya "mchanganyiko": betamethasoni ya kutuliza mzio, klotrimazoli ya fangasi na gentamaisini ya bakteria, yaani chochote ulichonacho kimo humo. Siku ya tatu muwasho ukaisha, akaacha kupaka. Baada ya wiki ukarudi, akapaka tena. Amekwenda hivyo mpaka leo, na mabaka yameshuka hadi mapajani na kupanda hadi karibu na kitovu.

"Si unaona ni aleji? Dawa ya aleji inanituliza."

Hapa ndipo nachoka. Fangasi wa ngozi hula tabaka la juu lililokwisha kufa. Muwasho na ule ukingo ulioinuka si kazi ya fangasi peke yake; ni kinga yako ikipambana naye. Betamethasoni ni steroidi, na steroidi huiambia kinga itulie. Inatulia, wewe unaacha kujikuna, unaenda kutangaza kwamba umepona, huku fangasi anaendelea kula bila bughudha. Mtaniambia klotrimazoli si imo humo ndani. Imo, lakini huhitaji wiki, si siku tatu, na mtu huacha pale muwasho unapokoma. Kibaya zaidi, steroidi hufifisha lile duara, basi anayekuja kukupima baadaye haoni umbo la kumwonyesha ni nini. Tena kinenani na mapajani ngozi ni laini na dawa hupenya sana. Nimeona vijana wenye michirizi huko ambayo haitaondoka tena.

Sasa, duara. Mashilingi, wengine huita choa, huanza kama kidoa na kutanuka kwenda nje taratibu, kwa wiki. Ukingo huwa umeinuka na una magamba madogo, katikati panaanza kupoa. Mara nyingi huanza upande mmoja wa mwili. Vitabu vitakuambia utafute wekundu. Kwenye ngozi zetu utautafuta mpaka jioni! Tafuta weusi au ukijivu, pitisha kidole ukingoni usikie kama kuna mkwaruzo, na kaa karibu na dirisha ili mwanga uje kwa ubavu na magamba yaonekane.

Mzio wa chakula hauendi hivyo. Huja ndani ya dakika chache hadi kama saa mbili baada ya kula: vivimbe vinavyowasha kama umeguswa na upupu, vinahama, kimoja kinazama hapa kingine kinaibuka kule. Chukua kalamu ya wino, zungushia kivimbe kimoja, kesho saa kama hiyo kitazame. Kivimbe cha mzio wa aina hii hutoweka ndani ya saa 24 bila kuacha alama, hata kama vingine vimetokea pembeni. Fangasi utamkuta palepale ulipomwacha. Kwa hiyo pweza wa wiki saba zilizopita hana kesi ya kujibu. (Midomo au ulimi ukivimba, sauti ikikauka, pumzi ikibana au kizunguzungu kikikushika baada ya kula, acha kusoma, nenda hospitali sasa hivi.)

Na sabuni? Sabuni huweza kuidhuru ngozi, sikatai. Lakini mara nyingi kinachotokea si mzio, ni kukauka tu, hasa mikononi kwa wanaofua na kuosha vyombo. Sabuni ya kuogea hupita mwili mzima. Ingekuwa mkosaji, kwa nini ichague duara moja kiunoni na kuuacha mgongo? Kuna jambo lingine huwa nawauliza watu: ulianza kubadilisha sabuni au ulianza kuwashwa? Wengi wakikaa na kufikiri hugundua walibadilisha kwa sababu walikuwa wanawashwa tayari.

Mzio wa kugusana huchora kile kilichokugusa. Yule mgonjwa wa tatu, binti aliyetoka harusini, alikuwa na malengelenge mkononi yaliyofuata ua alilochorwa kwa piko, jani kwa jani. Alilaumu sabuni kwa kuwa piko amepaka miaka yote bila shida. Mwili hujifunza kukichukia kitu baada ya kukizoea, na ukishajifunza, upele huchukua siku moja hadi tatu kutokea. Kwake yeye krimu ya steroidi ilikuwa dawa sahihi. Na piko nimempiga marufuku maisha yake yote.

Nisijifanye najua kwa macho tu. Kuna ukurutu wa mviringo unaofanana na mashilingi kiasi kwamba nimeshaukosea, nikampa mtu dawa ya fangasi mwezi mzima bure. Ndiyo maana napenda kukwangua. Nakwangua magamba ukingoni, si katikati, naweka kwenye kioo na tone la potasiamu hidroksaidi, nasubiri kama dakika kumi, natazama kwa hadubini. Kwa kijana wa bodaboda nyuzi za fangasi zilijaa. Ila kama mtu amepaka klotrimazoli majuzi, kutoona kitu hakunihakikishii kwamba hakuna kitu.

Kwa baka moja, klotrimazoli tupu ya asilimia 1, asubuhi na jioni, ukivuka ukingo kwa sentimita mbili, na uendelee wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Kwa kijana wangu krimu haitoshi, eneo ni kubwa mno, hivyo nimempa vidonge vya terbinafini baada ya kumuuliza kuhusu ini lake na dawa nyingine anazotumia. Mapunye ya kichwani kwa watoto nayo hutaka dawa ya kumeza. Krimu haifiki kwenye shina la nywele.

Muwasho wenyewe utulize kwa kitambaa cha maji baridi, dakika kumi hadi kumi na tano, na losheni ya kalamaini ukiipata. Maji ya moto hupendeza kwa dakika tano, halafu unawashwa maradufu. Setirizini miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima husaidia sana vivimbe vya chakula. Kwa fangasi husaidia kidogo tu. Piritoni kazi yake kubwa hapa ni kukulaza, kwa hiyo usiimeze kisha ukapanda pikipiki. Dawa ya meno, chumvi, maji ya betri, jiki: hapana, na msiniulize tena.

Nimemwonya kijana kwamba akiacha ile krimu ya mchanganyiko atawashwa zaidi kwa siku kadhaa, maana askari wa kinga wanaamka. Alikuwa mlangoni aliponiuliza kama mkewe naye abadilishe sabuni. Nikamuuliza kama wanatumia taulo moja. Akacheka. Kesho anamleta.