Benki hupimwa kwa vitabu vyake. Kampuni ya programu haipimiki hivyo

Kila benki inapotoa hesabu za robo mwaka, mjadala hurudi uleule: hisa inauzwa chini ya thamani yake ya kitabuni, kwa hiyo ni ya bure, nunua. Siku hizi umeongezewa mkia. Mtu anachukua kampuni ya programu ya nje inayouzwa mara ishirini ya thamani ya kitabuni, anaiweka kando ya benki ya hapa Dar es Salaam inayouzwa mara 0.8, kisha anatangaza kwamba ile ya kwanza ni ghali mara ishirini na tano kuliko ya pili. Hapana. Hizo namba mbili hazipimi kitu kimoja, na hata ile ya benki peke yake imesomwa vibaya.

Thamani ya kitabuni ni mali zote kutoa madeni yote, kama zilivyoandikwa kwenye mizania. Igawe kwa idadi ya hisa, kisha gawa bei ya sokoni kwa jibu hilo, umepata P/B. Hesabu yenyewe ni ya dakika mbili. Kazi iko kwenye swali la nani aliandika thamani ya hizo mali, na kwa kanuni gani.

Kwa benki kanuni hizo zinasaidia, kwa sababu karibu mali yote ya benki ni fedha au ahadi ya kulipwa fedha. Chukua benki ya mfano yenye mali ya shilingi bilioni 1,000. Mikopo baada ya kutoa tengo la hasara, yaani kiasi kilichotengwa kwa mikopo inayoweza kutolipwa, ni bilioni 600, dhamana za serikali bilioni 250, fedha taslimu na salio Benki Kuu bilioni 100, na bilioni 50 zilizobaki ni majengo, samani na mifumo ya kompyuta. Amana za wateja na madeni mengine ni bilioni 870. Mtaji wa wanahisa unabaki bilioni 130. Hisa ni milioni 500, kwa hiyo kila hisa ina thamani ya kitabuni ya shilingi 260. Sokoni inauzwa 208. P/B ni 0.8, na hapo ndipo watu wanapokimbilia kwa dalali.

Subiri kwanza. Angalia mikopo chechefu, ile ambayo wakopaji wameacha kuilipa. Tuseme ni bilioni 60 na benki imetenga bilioni 24 tu, maana inategemea dhamana za wakopaji kufidia zile 36 zilizobaki. Dhamana hizo ni nyumba za Mbezi na maduka ya Kariakoo. Mthamini aliziandikia bei ya soko, lakini nyumba ya mdaiwa haiuzwi kwa bei ya soko. Inauzwa kwa bei ya mnada, tena baada ya kesi, zuio la mahakama na pengine mwenza wa ndoa anayesema hakuridhia rehani. Zikipatikana nusu, bilioni 18 zimepotea na mtaji umeshuka hadi 112. Toa pia bilioni 12 za mifumo ya kompyuta iliyoandikwa kama mali isiyoshikika, ambayo benki ikifungwa hakuna wa kuinunua. Unabaki na bilioni 100, yaani shilingi 200 kwa hisa. Bei ni 208. Ile hisa iliyouzwa kwa punguzo la asilimia 20 sasa ina P/B ya 1.04, na hapa sijagusa kodi.

Ona ukubwa wa hasara hiyo: bilioni 18 ni kama asilimia 3 tu ya mikopo, lakini imekula karibu asilimia 14 ya mtaji. Benki huendeshwa kwa fedha za wenye amana, na mtaji ni utando mwembamba juu yake. Ndiyo maana thamani ya kitabuni ina uzito kwenye benki kuliko kwingine. Benki Kuu inaidhibiti benki kwa mtaji, na mtaji ukipungua, uwezo wa kukopesha unapungua nao.

Kuna sababu ya pili ya P/B kuwa chini, na hii ndiyo inayorukwa zaidi. Benki yetu inapata faida ya bilioni 13 kwa mwaka, asilimia 10 ya mtaji. Ikiwa mwekezaji anadai asilimia 15 ili abebe hatari ya hisa badala ya kukaa na hati fungani, basi kwa benki isiyokua P/B inayostahili ni 10 kugawa kwa 15, karibu 0.67. Kwa hesabu hiyo 0.8 ni ghali. Benki jirani inayopata asilimia 25 inastahili 1.67, na ukiinunua kwa 1.3 umepata nafuu. Usitamke P/B ya benki bila kutamka faida juu ya mtaji hapohapo.

Nikiri mashaka yangu. Tengo la hasara chini ya IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu, ni makadirio ya menejimenti kuhusu siku zijazo, na mtu wa nje hawezi kuyahakiki kikamilifu. Mimi hulinganisha tengo na mikopo chechefu kwa robo mwaka kadhaa. Chechefu ikipanda na tengo likabaki palepale, naipunguza thamani ya kitabuni mwenyewe. Ni kukisia, ila kukisia kunakoegemea upande salama. Dhamana za serikali nazo zina mtego: zile ambazo benki imepanga kukaa nazo hadi ziive haziandikwi kwa bei ya soko. Silicon Valley Bank ya Marekani ilifunga mwaka 2022 na mtaji wa takriban dola bilioni 16, huku hasara isiyoandikwa kwenye hati za aina hiyo ikiwa takriban bilioni 15. Ilikuwa imeelezwa kwenye maelezo ya hesabu, waziwazi. Machi 2023 ilifungwa.

Sasa njoo kwenye programu. Kampuni ina wahandisi wanaolipwa jumla ya shilingi bilioni 2.4 kwa mwaka. Baada ya miaka mitatu, bilioni 7.2 zimeingia kwenye mfumo unaotumiwa na wateja kila siku. Kwenye mizania kuna nini? Fedha benki, madai kwa wateja na kompyuta mpakato. Mtaji bilioni 1.5. Utafiti wote umeandikwa kuwa gharama, kwa sababu IAS 38, kanuni ya uhasibu wa mali zisizoshikika, haikubali utafiti uwe mali. Maendeleo ya mfumo yanaruhusiwa kuwa mali pale tu masharti yanapotimia, likiwemo kuthibitisha kwamba mfumo utaleta mapato. Jina la kampuni na orodha ya wateja iliyojijengea yenyewe haviandikwi kabisa.

Soko likiipa kampuni hiyo thamani ya bilioni 30, P/B ni 20. Kampuni nyingine ikiinunua kwa bilioni 30, siku hiyohiyo mfumo, wateja na gudwili, yaani ziada iliyolipwa juu ya mali zinazotambulika, vinatokea kwenye vitabu vya mnunuzi kwa bilioni 28.5. Hakuna mstari mmoja wa msimbo wa programu uliobadilika. Oracle ilifunga mwaka wake wa fedha Mei 2022 ikiwa na mtaji hasi, baada ya miaka ya kununua hisa zake yenyewe, na biashara yake ilikuwa inaingiza faida. P/B yake utaisomaje?

Wapo wanaorekebisha kwa kurudisha gharama za utafiti kwenye mizania na kuzipunguza mwaka hadi mwaka. Ukichukua zile bilioni 7.2 na kuzipunguza kwa miaka mitano, zinabaki takriban bilioni 4.3. Kwa miaka mitatu, bilioni 2.4. P/B inatoka 5.2 au 7.7 kutegemea umri ulioupa mfumo, na umri huo hakuna anayeujua. Kwa kampuni hizi naangalia fedha taslimu zinazozalishwa na wateja wangapi wanaorudi kulipia tena mwaka unaofuata.