Kiwango cha Faida Hakipimi Ukwasi

“Mpango wangu unaonyesha faida ya asilimia 20 ya mauzo, je, fedha zinaweza kuniishia?”

Zinaweza, kwa sababu faida huhesabiwa hata kabla wateja hawajalipa. Ukwasi, yaani uwezo wa kulipa madeni yanapoiva, hupimwa kwa kugawa mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi. Tuseme mali hizo ni milioni 60, yaani fedha taslimu 5, madai kwa wateja 25 na bidhaa ghalani 30, huku madeni yakiwa milioni 40. Uwiano wa 1.5 unatuliza moyo, lakini ukiondoa bidhaa, ambazo huchelewa kugeuka fedha, unabaki 0.75, na ikiwa madeni yote yanaiva baada ya siku 30 ilhali wateja hulipa baada ya siku 90, zile milioni 5 pekee ndizo zitakazokuwapo. Mimi ningerekebisha kwanza muda wa malipo, si bei.