sin(a + b) si sin a + sin b, na makosa mengine ya sin na cos

Nafundisha tuisheni ya hisabati kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na kuna mstari mmoja ambao nikiuona kwenye daftari huwa naweka kalamu chini kwanza, nivute pumzi:

sin(a + b) = sin a + sin b

Anayeuandika si mvivu. Mara nyingi ni yule yule anayefungua mabano vizuri kuliko wenzake, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Amezoea kwamba 3(a + b) ni 3a + 3b, basi akiona sin imekaa nje ya mabano anaigawa vivyo hivyo. Lakini 3 ni namba inayozidisha kilichomo ndani. Neno sin peke yake si namba, wala halizidishi chochote. Ni agizo: chukua pembe hii, nipe saini yake. Agizo linasubiri pembe nzima ikamilike ndipo lifanye kazi, kama kipeuo cha pili kinavyosubiri 9 na 16 zijumlishwe. √(9 + 16) ni 5. Hakuna anayenibishia kwamba ni 7, ila wakifika kwenye sin wanasahau.

Jaribu kwa nyuzi 30 na 60. Saini ya 30 ni 0.5, saini ya 60 ni karibu 0.866, jumla 1.366. Sasa saini ya 90 ni 1. Tena usingehitaji hata kuijua hiyo ya 90, kwa sababu hakuna pembe yoyote ambayo saini yake inazidi 1. Jibu la 1.366 limejikataa lenyewe.

Basi mmoja akaniletea ushahidi wake. “Mwalimu, mbona mimi nimejaribu ikakubali?” Alikuwa amechukua nyuzi 2 na nyuzi 3, akafungua majedwali ya tarakimu nne: 0.0349 jumlisha 0.0523 ni 0.0872. Saini ya nyuzi 5 kwenye jedwali lile lile: 0.0872. Nilimsifu kwa kupima, maana wengi hawapimi kabisa, kisha nikamwambia achukue kikokotoo na aandike tarakimu zote. Jumla yake ni 0.087235, na saini ya 5 ni 0.087156. Tofauti ipo, ila jedwali limeikata kwa sababu linaishia tarakimu ya nne. Kwa hiyo ukitaka kupima kanuni ya pembe, usipime kwa pembe ndogo, na usipime kwa sifuri. Mimi huwaambia 30 na 60, na siwaruhusu nyingine mpaka hizo zimekubali.

Kwa nini pembe ndogo zinakaribia kudanganya? Hapo lazima uione kanuni yenyewe inatoka wapi. Wengi wameikariri kama wimbo, na wimbo ukisahaulika katikati ya mtihani hakuna pa kuushika. Chora pembetatu ABC, kisha kutoka A shusha kimo AD mpaka kwenye BC. Urefu wa kimo uite h, AB uwe p, AC uwe q. Kimo kimeigawa pembe ya juu mara mbili: upande wa kushoto a, wa kulia b.

Eneo la pembetatu nzima ni nusu ya pande mbili zikizidishwa kwa saini ya pembe iliyo kati yao, yaani ½pq sin(a + b). Hilo mmelisoma zamani. Eneo la kipande cha kushoto, kwa njia hiyo hiyo, ni ½ph sin a. La kipande cha kulia ni ½qh sin b. Sasa angalia h. Ukiitazama kutoka kushoto ni p cos a. Ukiitazama kutoka kulia ni q cos b. Ni kimo kile kile. Katika kipande cha kushoto weka q cos b mahali pa h, na katika cha kulia weka p cos a. Unapata:

½pq sin(a + b) = ½pq sin a cos b + ½pq cos a sin b

Gawanya kote kwa ½pq, umemaliza:

sin(a + b) = sin a cos b + cos a sin b

Mchoro huu unadai a na b ziwe chini ya nyuzi 90 kila moja, ingawa kanuni yenyewe inashika kwa pembe zote. Cha kuona ni kwamba sin a haikuingia nzima. Imepunguzwa na cos b, na sin b imepunguzwa na cos a. Pembe ikiwa ndogo, cos yake inakaribia 1 (cos ya nyuzi 3 ni karibu 0.9986), kwa hiyo upunguzaji hauonekani. Ndiyo siri ya yule wa majedwali.

Na kama unataka kujua kosa lenyewe ni kubwa kiasi gani, lina kanuni yake:

sin a + sin b − sin(a + b) = 4 sin(a/2) sin(b/2) sin((a + b)/2)

Weka 30 na 60: 4 × sin 15 × sin 30 × sin 45 ni karibu 0.366, ile ile ziada tuliyoiona juu. Kutoka hapa unaona pia lini ule mstari mbaya unakuwa kweli kwa bahati: pembe mojawapo ikiwa 0 au kigawe cha 360, au jumla yao ikiwa 360 au kigawe chake. Basi.

Mengine nayapitia haraka.

“sin 2x ni 2 sin x.” Ni kosa lile lile limevaa nguo nyingine; weka x mahali pa a na pa b kwenye kanuni ya sin(a + b) upate 2 sin x cos x. Kwa nyuzi 30, 2 sin x ingekuwa 1, wakati saini ya 60 ni 0.866.

“sin 6x gawanya kwa sin 2x ni 3.” Wanakata sin juu na chini kana kwamba ni herufi ya aljebra. Sina la kuongeza.

“sin⁻¹ x ni 1/sin x.” Hapa nawaonea huruma kidogo, kwa sababu sin² x kweli ni (sin x)², na mwandiko unatega. Lakini sin⁻¹ 0.5 inauliza ni pembe gani yenye saini ya 0.5, na jibu ni nyuzi 30. Ile 1/sin x iandike cosec x, yaishe.

“Kigawo kikiwa pande zote, kikate.” Hili linakula alama kimya kimya. Tafuta x kuanzia 0 hadi 360 ikiwa sin 2x = sin x. Mwanafunzi anaandika 2 sin x cos x = sin x, anakata sin x, anabaki na cos x = ½, anatoa 60 na 300, anapiga mstari chini. Amegawanya kwa kitu ambacho kinaweza kuwa sifuri. Hamisha kwanza, toa kigawo cha pamoja: sin x(2 cos x − 1) = 0. Sasa sin x = 0 inakupa 0, 180 na 360, kwa hiyo majibu ni matano, na yeye alileta mawili.