Dakika Moja ya Kumtambulisha Msemaji: Dhana Potofu na Ukweli

Ratiba imechelewa, mwenyekiti amekuinulia kidole kimoja kutoka meza kuu, na mkononi una wasifu wa ukurasa mzima. Hapo ndipo washereheshaji na wanakamati hurudia hoja ambayo kila anayewafundisha ameshaichoka: "Siwezi kuukata, nitamkosea mgeni heshima." Basi wanausoma wote. Tuanze na hiyo, kwa sababu ndiyo inayoharibu mengi.

"Kufupisha wasifu ni kumvunjia mgeni heshima"

Si kweli hata kidogo. Dakika utakazotumia kusoma shule alizosoma hazitoki mfukoni mwako, zinatoka kwenye mada yake. Unamsifu kwa dakika nne, kisha mtu wa kamati anamsogezea kikaratasi cha "malizia" kabla hajafika kwenye jambo alilosafiri kuja kulisema. Hiyo ndiyo dharau.

Kinachomuumiza mgeni ni mambo mengine kabisa: jina kutamkwa vibaya, kuitwa Daktari ilhali ameshakuwa Profesa, kutajwa kwa wadhifa alioacha zamani. Makosa hayo hutokea zaidi kwenye utambulisho mrefu, maana unasoma usichokijua kutoka kwenye karatasi ya zamani. Jina kamili na cheo cha sasa havikatwi kamwe. Vingine vyote vinakatika.

Chukua semina ya wakulima wa mahindi Kibaigwa, wilayani Kongwa, mada ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Msemaji ni mtafiti, tumwite Daktari Fulani binti Fulani. Wasifu alioleta una maneno kama 350: alikozaliwa, shule ya msingi, sekondari, shahada tatu na miaka yake, vyeo vinne, bodi mbili, machapisho, tuzo, ndoa na watoto. Kwa mwendo wa jukwaani, Kiswahili huchukua takriban maneno 100 kwa dakika, kwa kuwa maneno yetu ni marefu. Karatasi hiyo ni dakika tatu na nusu. Wewe una moja, na ndani yake kuna kusubiri ukumbi utulie. Jihesabie sekunde 40.

Usianze kuandika upya, muda huo huna. Chukua kalamu upige mstari chini ya vitu viwili tu. Cha kwanza ni sifa moja inayomfanya yeye, si mwingine, azungumzie mada hii mbele ya watu hawa. Kwa Daktari Fulani si shahada wala bodi. Ni sentensi iliyojificha karibu na mwisho wa karatasi, inayosema kwamba kwa miaka 12 amekuwa akipima mahindi kwenye maghala ya wilaya hiyohiyo. Cha pili ni jina na cheo. Kisha ongeza kitu ambacho hakimo kwenye wasifu wowote: shida ya waliokaa mbele yako, kwa sentensi moja au mbili. Panga hivi: shida, sifa, jina.

Matokeo yake ni haya:

"Sumukuvu ikishaingia kwenye mahindi, kuyapika hakuiondoi. Kinachosaidia ni kuizuia wakati wa kukausha na kuhifadhi, na hilo ndilo somo letu sasa. Atakayetufundisha ni mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambaye kwa miaka kumi na miwili amekuwa akipima mahindi kwenye maghala ya wilaya yetu hii ya Kongwa. Tumkaribishe Daktari Fulani binti Fulani."

Hayo ni maneno yapata 50, nusu dakika bila kukimbia. Jina limewekwa mwisho kwa makusudi. Watu hupiga makofi wakisikia jina, na ukilitaja mwanzoni utakuwa unasoma sifa juu ya makofi huku mgeni hajui asimame au aendelee kukaa. Ukishalitaja, nyamaza. Usiongeze hata "karibu sana, mama, jisikie nyumbani".

Kabla ya kupanda, msogelee mgeni au msaidizi wake umwambie: "Daktari, muda umetubana. Nitataja kazi yako ya maghala, kisha jina lako na cheo. Kuna kimoja ambacho hungependa nikiache?" Kwa kawaida atasema hakuna, au atakupa kimoja. Hapo hapo mwombe akutamkie jina lake. Mazungumzo hayo hayafiki nusu dakika, na mgeni aliyeulizwa hana sababu ya kununa. Wanaonuna ni wale walioshtukizwa.

Kuna mpaka mmoja. Mgeni rasmi akiwa kiongozi wa serikali, wewe mshereheshaji huna mamlaka ya kupanga nani amkaribishe. Mara nyingi anayemkaribisha ni mwenyeji mwenye cheo, na mpangilio huo uko mikononi mwa afisa itifaki. Mwambie yeye kwamba muda umebaki dakika moja, na yeye atazungumza na mwenyeji. Kazi yako ni kumwita mwenyeji kwa cheo chake na kukaa pembeni. Kwa kiongozi wa namna hiyo cheo chenyewe kinatosha, hakuna anayehitaji kuambiwa alisoma wapi.

"Nikisoma haraka, sekunde hizo zitatosha"

Hazitoshi. Ukijitahidi sana utafika maneno 140 kwa dakika, na bado 350 hayaingii. Kwenye ukumbi wenye kuta tupu na dari la bati sauti inarudi, silabi zinapandana, na cha kwanza kupotea ni majina. Miaka nayo inakula muda kuliko watu wanavyodhani. Kwenye karatasi, 1998 ni tarakimu nne, lakini mdomoni ni "elfu moja mia tisa tisini na nane", maneno saba. Miaka mitatu ya aina hiyo, kila mmoja ukitanguliwa na neno "mwaka", ni karibu robo dakika, na hakuna msikilizaji atakayeikumbuka. Kata miaka yote.

"Nitasoma hadi muda uishe, kisha niishie hapo"

Wasifu mwingi hupangwa kuanzia kuzaliwa. Ukikata mkia, unabaki na shule ya msingi na kupoteza kazi anayoifanya leo. Kata kichwa. Ukishindwa kabisa kuchagua, ruka moja kwa moja hadi aya ya mwisho yenye wadhifa wa sasa.

"Lazima niwasalimu wote wa meza kuu kwanza"

Neno "itifaki imezingatiwa" lipo kwa ajili ya hali hii hasa. Lakini lina maana pale tu linapochukua nafasi ya orodha. Kulisema baada ya kutaja watu 11, au kulisema kisha ukaendelea na "ila kwa ruhusa yenu nimtambue pia…", ni kupoteza muda mara mbili. Mtaje mgeni rasmi, sema itifaki imezingatiwa, endelea. Ukimtaja wa tatu, wa nne ana haki ya kuuliza kwa nini yeye umemruka.

"Ni vizuri kueleza kwa nini nafupisha"

Ukumbi mzima una saa. "Kutokana na ufinyu wa muda uliosababishwa na kuchelewa kuanza, naomba radhi, sitaweza kusoma wasifu wote wa mgeni wetu ambao kwa kweli ni mrefu sana" ni maneno zaidi ya 20. Kwa mwendo ule ule wa jukwaani ni sekunde 14, theluthi ya sekunde 40 ulizonazo, na hayajasema lolote kuhusu mgeni. Anza na sumukuvu.